Nyumba milioni 60, "yaliyobaki juu yako": nilivyolipa kodi na ada za kununua nyumba Pemba

Kwetu Pemba nyumba ina bei mbili. Ipo anayoitaja dalali barazani, na ipo itakayotoka mfukoni mwako mpaka jina lako liandikwe. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo inayowachosha watu. Nimewaona waliokwishanunua, wakahamia, wakapaka rangi, na hati mpaka leo ina jina la mtu mwingine kwa sababu fedha ziliishia kwenye bei na hazikubakia za kuhaulisha, yaani kuhamisha haki ya ardhi kwenda jina la mnunuzi.

Mimi ni mwalimu wa skuli. Nilinunua nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Chake Chake kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anahamia Unguja kwa wanawe. Bei tuliyofikia ilikuwa shilingi milioni 60. Dalali alipotuletea maneno ya mzee aliyasema kama kawaida yao: "Bei safi mkononi mwa mzee, yaliyobaki juu yako." Nilikuwa nimeshawahi kulisikia neno hilo kwenye biashara za wengine, na watu hulipokea kwa kuitikia kichwa tu. Ami yangu, ambaye alifanya kazi ya ukarani wa serikali miaka mingi, alinizuia nisiitikie. "Mwanangu, muulize hayo yaliyobaki ni yepi, moja moja kwa jina lake. Na kila moja muulize linapigwa juu ya hesabu gani."

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoniokolea fedha.

Tuanze na kitu ambacho mnunuzi anatakiwa akijue kabla ya kuzungumza kodi. Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Umiliki wa Ardhi, namba 12 ya 1992, ndiyo inayosema hivyo. Unachonunua wewe ni haki ya matumizi ya ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake. Kwa hiyo kuuziana peke yetu, kwa karatasi ya sheha na mashahidi wawili, hakutoshi. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya 1994 imeunda Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na uhaulishaji ambao Bodi haijauridhia hauna nguvu. Sheha ni muhimu, maana yeye ndiye anayejua nani ni nani katika shehia yake na hakuna ofisi itakayokusikiliza bila barua yake. Lakini barua yake ni mwanzo wa safari. Ukimpa muuzaji fedha zote kwa barua ya sheha pekee, umelipia kitu ambacho bado si chako, na muuzaji hana tena haraka ya kukufuata ofisini.

Hilo linagusa bajeti moja kwa moja, kwa sababu linaamua lini utoe kiasi gani. Nitalirudia baadaye.

Nilipokaa na ami na daftari, tuliyapanga malipo yaliyobaki kwa mujibu wa nani anayachukua. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ile ambayo zamani tukiita ZRB na sasa ni ZRA, inachukua ushuru wa stempu juu ya hati ya mauziano. Ofisi za ardhi zinachukua ada zao: upekuzi, uthamini, maombi ya Bodi, usajili. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, inachukua kodi ya faida ya mauzo. Wakili anachukua chake, dalali anachukua chake. Hapo ndipo nilipogundua kuwa neno "yaliyobaki" limebeba vitu vya aina mbili. Kuna vile ambavyo ni vya mnunuzi kwa kawaida na kwa sheria, kama ushuru wa stempu na usajili, na sikuwa na ugomvi navyo. Na kipo kitu kimoja ambacho si cha mnunuzi hata kidogo, nacho ni ile kodi ya TRA.

Watu wengi hapa visiwani huchanganya. Husema sisi tuna mamlaka yetu ya mapato, TRA inaingiaje kwenye nyumba ya Pemba? Inaingia kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatumika pande zote mbili, na faida anayopata mtu kwa kuuza ardhi au jengo ni mapato chini ya sheria hiyo. Kwa mkaazi kodi yenyewe ni asilimia 10 ya faida, na kwa asiye mkaazi kiwango ni kikubwa zaidi. Inalipwa na aliyepata faida, yaani muuzaji. Ila sheria ikaweka mtego mmoja unaomnasa mnunuzi: msajili hatakiwi kusajili uhaulishaji mpaka aone ushahidi wa TRA kuwa kodi hiyo imelipwa, au kwamba haidaiwi. Deni ni la muuzaji, lakini mlango unaofungwa ni wako. Muuzaji akishapata fedha zake na kupanda boti kwenda Unguja, wewe ndiye utakayesimama dirishani na hati isiyosajilika. Wengi hapo hulipa kodi ya mtu mwingine ili wamalize.

Basi nilikwenda kwa mzee mwenyewe bila ya dalali. Sikuona raha, nikiri. Ni mtu mzima, rika la baba, na kumwambia mzee wa watu "hii kodi ni yako" kunaonekana kama kumkosea adabu. Nilimwendea baada ya alasiri, tukakaa kwenye sakafu ya ukumbi ambao nilikuwa nautaka uwe wangu, nikamwambia: "Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja tusomeshane hesabu, nisije nikakusumbua ukiwa ng'ambo." Akacheka, akasema hajui kitu kinaitwa kodi ya faida, na kwamba faida gani ilhali nyumba ameijenga kwa jasho la miaka.

Alikuwa na haki ya kuuliza, maana faida hapa haina maana ya fedha zote unazopokea. Ni bei uliyouzia ukitoa ulichotumia: uliponunua kiwanja, ulipojenga, ulipoongeza na kutengeneza. Na kwa nyumba aliyokuwa akikaa mtu mwenyewe sheria ina nafuu. Ikiwa ameimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na amekaa humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, faida yake haitozwi kama haizidi shilingi milioni 15. Ikizidi milioni 15, nafuu hiyo imeondoka.

Mzee alikuwa amekaa mle zaidi ya miaka 10. Kilichobaki kilikuwa kimoja: anaweza kuonesha alitumia kiasi gani?

Akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti lililokwisha rangi. Mlikuwa na karatasi za kila namna. Mkataba wa kiwanja wa 2009, shilingi milioni 6, wenye dole gumba la aliyemuuzia na muhuri wa sheha. Risiti za kitabu cha kaboni za saruji na bati, nyingine wino umefifia mpaka ukiziinamisha kwenye mwanga ndipo tarakimu zinatokea. Daftari la fundi, kila wiki imeandikwa matofali mangapi, mchanga gari ngapi, na saini ya fundi na ya mzee pembeni. Stakabadhi za mbao za kenchi. Kuunganishiwa umeme. Mke wake alikuwa anataka kulitupa kopo lile walipoanza kufunga vyombo.

Nilizipanga sakafuni kwa miaka. Sikuwa na uhakika kama zote zingekubalika, hivyo nilijumlisha zile zenye tarehe, jina na kiasi kinachosomeka, nyingine nikaziweka kando. Pamoja na bei ya kiwanja zilifika shilingi 50,200,000.

Sasa angalieni hesabu. Mthamini alikuwa ameshapita, na thamani aliyoiandika ilikuwa milioni 64, juu ya bei yetu. Nilitumia hiyo ya mthamini kwa makusudi, maana ukipanga bajeti panga kwa tarakimu kubwa. Milioni 64 ukitoa 50,200,000 inabaki faida ya 13,800,000. Haifiki milioni 15, basi kwa mzee aliyekuwa akikaa ndani ya nyumba yake kodi ni sifuri.

Kopo lile lingetupwa ingekuwaje? Tangu mabadiliko ya sheria ya fedha ya 2023, mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyokubaliwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 64 ni shilingi 1,920,000. Na kama kopo lingekuwa na nusu ya karatasi tu, tuseme za jumla ya milioni 40, hali ingekuwa mbaya zaidi: faida ingeonekana ni milioni 24, imepita milioni 15, na asilimia 10 yake ni 2,400,000. Kwa dalali zote hizo zingekuwa ndani ya "yaliyobaki juu yako", na mimi ningezilipa bila kujua zimetoka wapi.

Nilipomwonesha mzee daftari, alisema neno ambalo lilinifurahisha: "Kumbe hili kopo lina thamani kuliko kabati." Akaahidi kwenda TRA pamoja nami na karatasi zake. Nawashauri mnaonunua, kabla ya kupatana bei muulizeni muuzaji kama ana karatasi za ujenzi. Ukiwa mpole wala hachukii, kwa sababu ni fedha zake mnazoziokoa.

Hata hivyo matumaini sikuyaandika kwenye bajeti. Ofisa angeweza kuzikataa risiti zilizofifia. Kwa hiyo tuliweka kifungu kwenye mkataba, na wakili alikiandika kwa Kiswahili chepesi ambacho mzee alikisoma mwenyewe:

"Kodi itokanayo na faida ya mauzo haya, ikiwapo, italipwa na muuzaji. Mnunuzi atabakisha shilingi milioni 10 za bei mpaka ushahidi wa TRA wa kulipwa au kutodaiwa kodi hiyo utakapotolewa. Kodi ikidaiwa, italipwa kutoka katika fedha hizo na salio atapewa muuzaji."

Malipo yenyewe tuliyagawa hivi: arbuni milioni 5 siku ya kusaini, milioni 45 Bodi ya Uhaulishaji ikisharidhia, na milioni 10 karatasi ya TRA ikishapatikana. Dalali alinung'unika. Alitaka fedha zote zitoke mara moja ili na yeye apate chake mara moja. Mzee ndiye aliyemnyamazisha, akasema yeye hana pa kukimbilia. Tena arbuni nayo tuliiandikia masharti: Bodi ikikataa, inarudi yote. Bila ya maneno hayo, arbuni ni chanzo cha kesi.

Dalali huyohuyo alikuwa na wazo jingine, na hili nataka nilikalie kidogo kwa sababu nimelisikia mara nyingi na kila anayelitoa hulitoa kama fadhila. Alisema tuandike mkataba wa milioni 35, nyingine tupeane mkono kwa mkono, ushuru wa stempu utashuka na mzee hatasumbuliwa na TRA. Tuache kwamba ni udanganyifu na kwamba mtu anaweza kuingia matatani. Tuitazame kama hesabu tu, kwani hata kwa hesabu mnunuzi anaumia.

Kwanza, mthamini hasomi mkataba wako, anapima nyumba. Ile milioni 64 ingebaki milioni 64, na ofisi inapoona bei iko mbali na thamani, inachukua thamani. Pili, siku kitu kikiharibika, labda akatokea mrithi au mke wa muuzaji akapinga, utakachodai mahakamani ni kile kilichoandikwa. Milioni 25 nyingine huna shahidi nayo. Tatu ndiyo watu hawaifikirii kabisa: bei iliyoandikwa leo ndiyo gharama yako ya kununulia siku na wewe utakapouza. Tuseme miaka mingi ijayo ninaiuza kwa milioni 80. Mkataba wangu ukisema milioni 60, faida yangu ni milioni 20 na kodi ni milioni 2. Ukisema milioni 35, faida inakuwa milioni 45 na kodi ni milioni 4 na nusu. Kodi ambayo dalali alisema atanipunguzia ningekuja kuilipa mwenyewe.

Ushuru wa stempu wenyewe niliuendea kwa njia rahisi. Viwango vya ushuru na ada hapa Zanzibar huguswa na bajeti inayopita Baraza la Wawakilishi kila Juni, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Tarakimu aliyokupa jirani aliyenunua miaka mitatu iliyopita haina kazi. Nilichukua nakala ya rasimu ya mkataba na ripoti ya mthamini, nikaenda ZRA kabla ya kusaini, nikaomba nipigiwe hesabu. Ofisa hakunikatalia, alinipigia na kuniandikia kwenye karatasi. Nilifanya vivyo hivyo ofisi ya ardhi kwa ada za Bodi na usajili. Nilirudi nyumbani na tarakimu za kweli, nikazijumlisha kabla sijatoa hata arbuni.

Usiuahirishe ushuru huu kwa kudhani ni karatasi tu. Hati isiyopigwa stempu ipasavyo haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu. Jirani yetu mmoja alikaa na hati yake kwenye mkoba bila stempu, ugomvi wa mpaka ulipoingia ilibidi alipe ushuru wa zamani na adhabu juu yake ndipo asikilizwe. Alikuwa na haki, lakini haki yake ilikuwa kwenye karatasi ambayo haisomeki mbele ya hakimu.

Jambo la kulipa nalo lina adabu yake. Malipo yote ya serikali yalikuwa kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, unalipa benki au kwa simu na risiti inatoka ikiwa na jina lako. Kijana mmoja aliyekuwa akirandaranda nje ya ofisi alijitolea kunilipia "kwa haraka" nikimpa taslimu. Sikumpa. Kila risiti nilihakikisha ina jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye ramani. Risiti moja ilikosewa herufi ya jina la babu yangu, nikairudisha siku hiyohiyo kabla haijaingia kwenye jalada. Herufi moja kwenye usajili inaweza kukuomba kiapo cha wakili, na kiapo kina bei yake.

Nikiwa kwenye jina: mume wangu ni mtu wa Tanga. Tulikuwa tumekubaliana tuandike majina mawili. Haikuwezekana, kwani haki ya matumizi ya ardhi Zanzibar hupewa Mzanzibari, na kuwa Mtanzania peke yake hakutoshi. Yeye alichangia fedha nyingi tu, ikabidi tuandikishane mchango wake kwa karatasi nyingine kwa wakili. Gharama ndogo, lakini haikuwa kwenye daftari langu la mwanzo. Wenye ndoa za pande mbili lijueni mapema, hasa kwa ajili ya mirathi.

Na miti! Mtu wa bara akisoma hapa atashangaa. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na sheria inalitambua hilo. Nyuma ya nyumba palikuwa na minazi mitatu na mkarafuu mmoja. Mzee alikuwa muungwana wa kunitajia kuwa alipouziwa kiwanja 2009, minazi aliipata lakini mkarafuu ulibakia kwa dada wa yule aliyemuuzia, na kila msimu wanakuja kuchuma. Ningenunua bila kuuliza, ningejikuta na watu wenye ngazi na makanda uani kwangu mwezi wa karafuu, na wakiwa na haki yao. Nilikwenda kwa yule bibi na sheha, tukapatana, nikampa laki 4, tukaandikiana karatasi ya mti peke yake. Bajeti ya nyumba ya Pemba isiyo na mstari wa miti haijakamilika. Ukifika kukagua, hesabu miti uani na kwa kila mmoja uliza unachumwa na nani.

Kwa wanaonunua nyumba ya urithi, kabla ya yote haya kuna hatua nyingine sikuipitia mimi lakini shemeji yangu aliipitia Wete. Kama mwenye nyumba amekufa na jina bado ni lake, warithi hawana la kukuuzia mpaka mirathi ifunguliwe na kugawanywa. Kwa Waislamu hilo hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya Kadhi. Gharama zake ni za warithi, ila kwa kuwa mara nyingi hawana fedha mpaka wauze, humwomba mnunuzi awatangulizie. Shemeji alitanguliza, na alifanya vizuri kuandika kuwa ni sehemu ya bei. Asingeandika, wangeihesabu kuwa ni hisani.

Sasa fedha zenyewe nilizipata wapi na zilikwenda vipi. Mkopo wa mwajiri na akiba zetu zilitosha bei, na mkopo haukuwa na nafasi ya ada. Hili wakopaji wengi hawaliwazi: anayekukopesha anatazama bei ya nyumba, hatazami stempu wala wakili. Nilifungua akaunti nyingine nikaweka asilimia 10 ya bei, yaani milioni 6, na nilipopungukiwa niliuza bangili mbili. Sikuruhusu fedha hiyo iguse bei hata mzee aliponiomba nimwongezee kwenye arbuni. Ile ya TRA sikuiweka humo, kwani ilikuwa tayari imekaa ndani ya milioni 10 za mzee mwenyewe.

Mwishowe uthamini, upekuzi, Bodi, ushuru wa stempu, usajili, wakili, dalali, karatasi ya mume wangu na mkarafuu vilimeza kama milioni 5 na laki 3. Kubwa kuliko zote hazikuwa za serikali, zilikuwa za wakili na dalali, na hizo mbili ndizo pekee zinazopatanika. Dalali alianza kwa kutaka asilimia 5, akaishia milioni 1 tulipokubaliana mapema na mbele ya mtu. Ukingoja mpaka mwisho, anakuwa na wewe mkononi, kwa sababu yeye ndiye anayejua simu ya muuzaji. Kwa wakili uliza bei ya kazi nzima mpaka usajili. Wako wanaotoza kuandika mkataba tu, kisha kila safari ya ofisini ni ada mpya.

Kilichobakia kwenye ile milioni 6 nilikitumia kwa vitu ambavyo si kodi wala ada lakini vinakuja wiki hiyohiyo: deni la maji lililokuwa kwa jina la mzee, kubadilisha jina la umeme, vitasa vipya. Deni la maji mzee alikubali tugawane, ingawa tungeliandika tangu mwanzo asingekuwa na haja ya kuombwa.

TRA walizikubali risiti nyingi za mzee. Daftari la fundi walilitilia shaka mpaka fundi mwenyewe akaja na kitambulisho akathibitisha saini yake. Karatasi ya kutodaiwa ilitoka, mzee akapata milioni 10 zake kamili, na hati ikasajiliwa kwa jina langu.

Kopo nililiomba, akanipa. Limo mkataba wangu, ripoti ya mthamini, risiti zote za stempu na usajili, risiti ya wakili, na karatasi ya mkarafuu, kwa sababu gharama za kununulia nazo huhesabika utakapouza. Mwezi uliopita tumebadilisha bati za upande wa jikoni. Fundi alishangaa nilipomwambia aniandikie stakabadhi yenye jina, tarehe na namba ya kitambulisho chake, akasema kazi ya laki 7 haina haja ya yote hayo. Aliandika.